Mjamzito 1 chini ya miaka 18: WAJA anavyoweza kuonyesha kazi yake bila kumwanika mteja

Kuna mkutano mmoja wa kitongoji siusahau. Nilisimama kusoma ripoti yangu ya robo mwaka, mwenyekiti pembeni, watu wamekaa chini ya mwembe, nikasoma vizuri tu: kaya nilizotembelea, watoto waliopimwa, wajawazito tisa, "kati yao mmoja ana umri chini ya miaka 18." Jina sikutaja, mtaa sikutaja, hata sikuinua macho kwenye karatasi. Nilipoinua nikaona vichwa vimegeuka vyote upande mmoja, kwenye benchi la nyuma, na mama mmoja pale anavuta kanga yake kichwani taratibu kama mtu anayepigwa na jua wakati alikuwa kivulini. Mwezi uliofuata binti yake hakwenda kliniki, na mwezi wa pili pia hakwenda. (Kitongoji sikitaji na mambo mawili matatu hapa nimeyabadilisha, ila mkono ule kwenye kanga ni kama nilivyouona.)

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria hili jambo kuliko jambo lolote jingine la kazi hii. Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA, tunaambiwa kila siku tuonyeshe kazi. Serikali ya kijiji inataka kujua unafanya nini, msimamizi wa zahanati anataka, shirika linalotoa posho linataka, na ukiomba nafasi sehemu nyingine wanataka uonyeshe umehudumia watu wangapi, umesomea nini na matokeo yake nini. Hapohapo tumeapa kutunza siri. Wengi tunadhani dawa ni moja, futa jina basi. Sasa nataka nieleze kwa nini kufuta jina hakutoshi na unafanyaje badala yake, hatua kwa hatua, kwa karatasi moja niliyoiandika mimi mwenyewe.

Kwanza tuelewane mji wenyewe ukoje. Mpango wa sasa wa WAJA ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2024 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dokta Philip Mpango, na lengo lilikuwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Angalia hapo, wawili kwa kitongoji. Maana yake eneo lako ni dogo mno, ni kaya mia hivi, watu wanaojuana mpaka sauti za milango yao. Takwimu za mkoa ni bahari, ukitumbukiza mtu mmoja haonekani. Takwimu za kitongoji ni ndoo ya maji, kila kitu kilichomo unakiona mpaka chini.

Na sheria yenyewe iko hivyohivyo, watu hawaisomi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi 1 Mei 2023, hailindi jina peke yake, inalinda taarifa ya mtu anayeweza kutambulika, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo swali siyo "nimeandika jina?" Swali ni "msomaji huyu anaweza kumtambua?" Na msomaji wa kijijini anajua vitu ambavyo karatasi yako haina. Anajua nani amehamia Machi, nani mume wake yuko machimboni, nani alionekana zahanati Jumatatu.

Basi nije kwenye karatasi yangu. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezipanga zifanane na kazi ya kweli lakini si za kitongoji chochote, maana ningekuwa naandika kuhusu siri huku nazimwaga.

Nilianza na mzigo wa kazi. Zamani ningeandika "nahudumia kaya 112" nikaishia hapo, na mtu wa ofisini akisoma anaona ni nyingi au ni chache kulingana na alivyoamka. Kaya si kipimo cha kazi. Kuna kaya ya vijana wawili wazima, unapita mara moja kwa miezi mitatu, dakika kumi na tano umemaliza, na kuna kaya ina mjamzito, mtoto wa mwaka na bibi mwenye presha, pale unaweza kukaa saa nzima na ukarudi kesho yake. Kwa hiyo nikahesabu ziara. Kwa miezi sita, Januari mpaka Juni, kila kaya mara moja kwa robo mwaka ni 112 mara mbili, ziara 224. Wajawazito tisa niliwatembelea jumla mara 38. Sita kati yao walijifungua, na mama akijifungua tunaenda mara tatu wiki ile ya kwanza, ndani ya saa 24, siku ya tatu na siku ya saba, hizo ni ziara 18. Niliandika rufaa 47 na kila rufaa nilirudi mara moja kuuliza kama mtu alifika. Halafu kulikuwa na ziara 21 za watu wanaotumia dawa za muda mrefu. Jumlisha zote unapata 348, gawa kwa wiki 26, ni kama ziara 13 kwa wiki, kwa miguu.

Hiyo namba ya 13 kwa wiki ndiyo inayoeleweka na kila mtu, na ndani yake hakuna mgonjwa hata mmoja. Hapa kuna kitu cha kushika. Ziara ni tendo lako wewe, ugonjwa ni wa mteja. Ukihesabu ulichofanya wewe, kwanza unaonyesha kazi vizuri zaidi, pili unamwacha mteja nje ya karatasi. Ukihesabu walichonacho wao, umeanza kuingia vyumbani kwao.

Lakini hata hivyo kuna sehemu lazima useme ni nini kilikupeleka. Rufaa 47 za nini? Kwenye rejesta yangu zilikuwa hivi: homa na kipimo cha malaria 19, wajawazito na waliotoka kujifungua 11, watoto wenye utapiamlo 6, kikohozi cha wiki mbili na zaidi 3, mengineyo 8. Ukiiangalia haraka haina shida. Sasa kaa nayo kama jirani. Kikohozi 3. Kitongoji kizima kiliniona nikiingia kwenye nyumba tatu na vile vikopo vya makohozi, maana vikopo vile havifichiki kwenye mkoba wa kitambaa. Ukiandika 3, jirani anahesabu vidole vitatu, anamaliza, na kuanzia hapo watoto wa nyumba zile wanaambiwa wasichangie kikombe na wenzao.

Kanuni inayotumika kwenye ofisi nyingi za takwimu ni kwamba namba ndogo haichapishwi. Wapo wanaokata kwenye tano, wapo wanaokata kwenye kumi. Mimi kwa mambo yanayobeba aibu au ugomvi, kama kifua kikuu, VVU, mimba za mabinti, ukatili wa nyumbani, utapiamlo, nakata kwenye kumi, na mengine kama malaria nakata kwenye tano. Huo ni uamuzi wangu, na naona ni sahihi kwa eneo dogo hivi. Kwa hiyo utapiamlo 6, kikohozi 3 na mengineyo 8 nikaviweka kapu moja, "sababu nyingine 17." Karatasi ikabaki na malaria 19, uzazi 11, nyingine 17, jumla 47.

Hapo sasa kuna mtego ambao umewanasa wenzangu wengi na mimi ulininasa, mtego wa kutoa. Unaficha namba moja halafu unaacha jumla. Ningeandika malaria 19, uzazi 11, utapiamlo 6, mengineyo 8, na kikohozi nikaweka nyota, chini nikaandika jumla 47. Mtoto wa darasa la nne anajumlisha 19 na 11 na 6 na 8 anapata 44, anatoa kwenye 47, nyota imefunguka, ni 3. Ripoti yangu ya chini ya mwembe ndiyo ingekuwa vilevile hata kama nisingetamka "mmoja," ningesema wajawazito tisa na nane ni watu wazima, basi nimeshasema. Ukificha kimoja ficha na kingine pamoja nacho, au unganisha kama nilivyofanya, usiache shimo lenye ukubwa wa mtu.

Mtego wa kutoa una mdogo wake ambaye ni mjanja zaidi, huyu anatembea kati ya ripoti na ripoti. Machi umesoma "wanaotumia dawa za muda mrefu 14," Aprili umesoma 15. Kila ripoti peke yake iko salama, 14 ni kubwa, 15 ni kubwa. Lakini aliyekaa mikutano yote miwili anajua tofauti ni mtu mmoja, na anajua nani alihamia kitongojini mwezi ule. Ndiyo maana mambo nyeti siyatoi kila mwezi mbele ya watu, nayatoa kwa nusu mwaka au mwaka, ambapo watu wamehama, wamehamia, wamezaliwa na wamefariki mpaka tofauti haimwonyeshi mtu yeyote.

Na kuna kitu kingine kinachopita bila kuonekana kwa sababu kinafanana na sifa. Neno "wote." Fikiria umeandika kwamba wenza wa wajawazito waliopimwa mwezi huu walikuwa wanne na wote wanne wamekutwa na maambukizi. Hakuna jina, lakini kila aliyewaona wale wanaume wanne wakiingia zahanati na wake zao sasa ana majibu yao mkononi. Kundi likiwa lina sifa moja wote, hakuna haja ya jina tena, kuwa kwenye kundi kunatosha. Asilimia 100 na sifuri zote zina hatari hiyo, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inayotaka majibu ya kipimo yabaki siri haikusema siri ni mpaka utaje jina.

Sasa mtu atauliza, ukiunganisha kila kitu si unaficha kazi nzuri? Wale watoto sita wa utapiamlo ndiyo fahari yangu, nimewazika kwenye "nyingine 17." Ni kweli inauma. Jibu ni kupanda ngazi. Zahanati yetu tuseme inahudumia vitongoji saba, tuko WAJA 14. Nikikaa na wenzangu na msimamizi tukaunganisha mwaka mzima, tunapata watoto 53 ambao utepe wa mkono uliwaonyesha njano au nyekundu, na 44 kati yao walirudi kijani, tisa bado wanafuatiliwa au walihama na wazazi. Hapo hakuna mama anayeonekana, na mimi naandika kwenye karatasi yangu, "nilikuwa mmoja wa WAJA 14 waliofuatilia watoto hawa." Unapoteza kidogo ile raha ya kusema "mimi," lakini unapata namba kubwa inayobeba uzito zaidi, maana watoto sita hata kwa bahati wanaweza kupona, 53 wanasema kitu.

Kuna mfano wa kujifungua ambao umenifundisha kuliko yote. Wale sita waliojifungua, watano walijifungulia kituoni, mmoja nyumbani. Nilitaka kuandika "5 kati ya 6" maana kila mtu anataka kuona hiyo namba. Utasema kujifungua nyumbani si siri, kijiji kizima kilisikia mtoto analia alfajiri. Ni kweli. Lakini kuna vijiji vina sheria ndogo ya faini kwa anayejifungulia nyumbani, na hapo namba yako inageuka kuwa shahidi. Yule mama uchungu ulimshika usiku, mto umejaa, bodaboda hakuna, halafu mtendaji anachukua ripoti ya WAJA kama ushahidi. Atakayejifungua mwakani ataniambia nini? Hataniambia kama ana mimba. Kwa hiyo hili nalo nilipandisha ngazi, vitongoji saba, mwaka mzima, kujifungua 71, kituoni 64, na chini yake nikaandika sababu tulizozisikia kwa ujumla, mto na usafiri wa usiku, ili anayesoma aelekeze macho barabarani badala ya kwa akina mama.

Matokeo yenyewe pia yanataka ukweli. Rufaa 47 si matokeo, ni karatasi nilizoandika. Matokeo yanaanza pale kipande cha mrejesho kinaporudi kutoka zahanati au nilipoona kadi yake ina muhuri. Waliofika ni 38. Watano najua hawakwenda, wanne sijui, nilikuta nyumba imefungwa au majibu hayaeleweki. Niliandika "38 kati ya 47 walifika, 9 hawakwenda au haikujulikana." Sikuandika asilimia 81 peke yake, maana asilimia bila namba zake inadanganya kwa pande zote mbili, kitu kidogo kinaonekana kikubwa na kikubwa kinaonekana kidogo. Na sikuandika kwamba walifika kwa sababu yangu. Miezi hiyohiyo radio ilikuwa inatangaza, sista wa zahanati alikuwa amebadilishwa akaja mpole zaidi, na mvua ilikata. Mimi najua nilirudi kuuliza mara 47, hicho ndicho ninachoweza kukisimamia.

Mafunzo ndiyo sehemu rahisi, ila nayo tunaiandika vibaya. Tunapanga vyeti, semina ya hiki siku mbili, semina ya kile siku tatu, mstari juu ya mstari. Mpango wa sasa una mafunzo ya miezi sita, nusu darasani nusu kwa vitendo, na hilo liandike. Lakini anayekuajiri anataka kujua mkono wako unafanya nini. Mimi nilimwomba msimamizi wangu siku ya upimaji apime tena watoto kumi niliowapima mkono kwa utepe, bila kuona nilichoandika. Kwa tisa kati ya kumi tulitofautiana chini ya nusu sentimita, mmoja nilikosea, nilikuwa nimekaza utepe mpaka ngozi imebonyea. Ule utepe kwa mtoto wa miezi sita mpaka chini ya miaka mitano nyekundu ni chini ya sentimita 11.5 na njano inaishia kabla ya 12.5, kwa hiyo nusu sentimita inaweza kumtoa mtoto njano ikampeleka nyekundu. Niliandika yote, hata lile kosa moja na nilivyorekebisha. Hiyo inaonyesha mafunzo kuliko vyeti sita, na haina mteja ndani, ina mkono wangu na utepe.

Na uandike pia usichokifanya. "Sitoi dawa za VVU, sichomi sindano, simwambii mtu ana ugonjwa gani, naona dalili na naandika rufaa." Mistari hii inakulinda wewe na inamlinda mteja, kwa sababu watu wakijua mipaka yako hawakuulizi habari za jirani kana kwamba wewe ni maabara.

Picha sasa. Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu naona kila wiki. Mtu anapiga picha ya mama kwa nyuma, amebeba mtoto, uso hauonekani, anasema nimeficha. Ndugu yangu, kanga ile inajulikana! Maandishi yake yanasomeka, nani aliinunua mnada gani wanawake wote wanajua. Mlango una kufuli la bluu, ukuta una ufa, baiskeli imeegemea pale ya nani. Kijijini uso ni sehemu ndogo tu ya mtu. Mimi picha zangu ni za vitu vyangu: mkoba umefunguliwa, utepe, kipimajoto, rejesta imefungwa, kwenye meza ya zahanati. Na kabla ya kutuma nazima ile sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa, maana picha ya utepe mezani kwa mtu ikiwa na ramani ndani yake ni sawa na kutoa anwani.

Kibaya kuliko hicho ni picha ya ukurasa wa rejesta kwenye grupu la wasap. "Tuma haraka picha ya rejesta tujaze ripoti." Tumeshazoea. Grupu lina watu 40, wengine hawafanyi kazi hii tena, simu zinachezewa na watoto, na ukurasa una majina, umri, namba ya simu na sababu ya rufaa. Mimi siku hizi nikiambiwa hivyo nahesabu mwenyewe natuma jumla kwa ujumbe, na kama msimamizi anataka kuhakiki, rejesta naipeleka zahanati mkononi, aikague pale niondoke nayo. Zahanati wana haki ya kuona majina, wao ndio wanatibu. Serikali ya kijiji inahitaji hesabu. Mwajiri mpya hahitaji hata hesabu zote. Rejesta ni ileile, wasomaji watatu, kila mmoja anapata kinachomtosha kwa kazi yake.

Hadithi za wateja nazo wanazipenda sana, "tupe kisa kimoja kinachogusa." Unaenda kwa mama, unamwomba, anasema sawa. Lakini yule anasema sawa kwa nani? Kwa mtu anayemletea karatasi ya rufaa, anayempimia mwanawe, aliyemshika mkono usiku ule. Atakuambia hapana vipi? Ruhusa ya namna hiyo siihesabu. Ikibidi kabisa kisa kitumike, anayeuliza awe mtu mwingine, sista wa zahanati kwa mfano, aulize siku nyingine mimi nisiwepo, maneno yenyewe asomewe kama yatakavyoandikwa, na aambiwe akibadili mawazo yanafutwa na huduma yake iko palepale. Mara nyingi lakini hakuna haja. Badala ya "Mama fulani alikuwa na mtoto mdhoofu akaokolewa," andika "Nikikuta utepe uko kwenye nyekundu nafanya hivi: naangalia kama miguu imevimba, namuuliza mama mtoto anakula anamaliza, naandika rufaa ya siku hiyohiyo, natafuta usafiri na mtendaji, kesho yake nafika zahanati kuuliza." Mtenda kwenye sentensi ni mimi. Msomaji anaona kazi nzima na mtoto amebaki kwao amelala.

Nilipomaliza karatasi, ukurasa mmoja mbele na nusu nyuma, sikuipeleka kwanza kwa msimamizi. Niliipeleka kwa WAJA mwenzangu wa kitongoji cha jirani, ambaye watu wangu anawajua kwa sababu wanachota maji kisima kimoja. Nikamwambia, "Dada, soma, niambie kama kuna mtu umemwona humu." Hili ndilo jaribio ninaloliamini, kwa sababu mtu wa mkoani hawezi kumtambua yeyote, atakuambia karatasi ni safi.

Alisoma kimya. Malaria akapita, rufaa akapita, akarudi juu kwenye mzigo wa kazi, akaweka kidole kwenye ziara 21 za dawa za muda mrefu. "Miezi sita ina wiki 26," akaniambia. "Ziara 21 ni karibu kila wiki. Na wewe kila Alhamisi jioni wanakuona unapandisha ile njia ya mlimani, na kule juu kuna nyumba moja tu unayoingia."

Nilikuwa nimejiambia ziara ni tendo langu, haimgusi mtu. Kumbe tendo langu lina njia, lina siku, lina saa, na linaonekana na kila aliyeketi barazani.

Tulirekebisha hapohapo kwa kalamu yake. Ziara 21 tuliziunganisha na zile 38 za wajawazito na zile 47 za kurudi kuuliza rufaa, ikawa "ufuatiliaji 106," jumla ikabaki 348 ileile. Hiyo ya karatasi ilichukua dakika moja. Ya njia imechukua muda mrefu zaidi. Siku hizi siku ya kwenda inabadilika, na nikipandisha mlimani naingia nyumba tatu za njiani kabla ya ile ya juu, nauliza habari za watoto, napima mkono kama kuna wa kupimwa, na nikishuka naingia nyingine moja. Inaniongezea kama saa moja kwa wiki, na kwenye rejesta zile ni ziara za kweli zenye kazi ya kweli ndani yake, wiki iliyopita kwenye moja ya hizo nyumba za njiani utepe ulisoma njano.